Je, Wajua? Saa Yasema Umepona, Miguu Yakataa

Je, wajua kwamba saa ya mazoezi haijui lolote kuhusu mapaja yako?

Alfajiri Newala, ukungu bado umejaa Shimo la Mungu, mkimbiaji anafunua mkono na kusoma 81, rangi ya kijani. Saa inamwambia nguvu zimerudi, leo akaze mwendo. Anashusha miguu kitandani, anasimama, na ngazi tatu za barazani anaziteremka kinyumenyume huku ameshika ukuta. Nani mkweli hapo?

Wote wawili, kwa kuwa hawazungumzii kitu kimoja. Alama ile, ambayo vijana wa jogingi huiita rikavari, ni taarifa ya jinsi moyo ulivyopumzika usiku. Saa hukusanya mapigo uliyokuwa nayo usingizini, tofauti ya muda kati ya pigo na pigo, saa ulizolala, na mara nyingi kasi ya kupumua. Kisha huvichanganya kwa kanuni ambayo kampuni haiitoi hadharani. Ndiyo maana mtu mmoja akivaa saa mbili anaweza kuamka na alama mbili. Whoop huanza kijani kwenye 67 na huita nyekundu chochote kilicho chini ya 34, ilhali Body Battery ya Garmin hutembea kati ya 5 na 100 na hupungua mchana kutwa kama chaji ya simu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia ndani ya msuli.

Je, wajua kwamba moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani?

Shika mshipa wa kifundo cha mkono, kaa kimya, vuta pumzi polepole kisha uitoe polepole zaidi. Wengi watasikia mapigo yakiharakisha kidogo pumzi inapoingia na kulegea inapotoka. Huo si ugonjwa. Ni neva ya vagasi, hatamu inayoushikilia moyo usikimbie, ikikazwa na kulegezwa. Mwili ukiwa umetulia hatamu hucheza sana. Ukiwa vitani, iwe na uchovu, joto, pombe au vimelea, hukaa vilevile na mapigo hufuatana kwa mpangilio mkavu.

Saa hupima mchezo huo kwa milisekunde na huuonyesha kwa jina HRV. Hesabu yake ya kawaida, RMSSD, si ngumu kama jina lake. Chukua nafasi nne kati ya mapigo: 960, 1040, 990 na 1030. Ukizitafutia wastani, moyo huo unapiga takriban mara 60 kwa dakika. Sasa tazama tofauti za jirani kwa jirani: 80, 50 na 40. Zipandishe kipeo cha pili upate 6400, 2500 na 1600, jumla 10500. Gawa kwa tatu, upate 3500, kisha tafuta kipeuo cha pili: 59 hivi. Saa hufanya hivyo usiku kucha kwa maelfu ya mapigo.

Hiyo 59 peke yake haina maana. Kuna mtu mzima, mwenye nguvu zake, anayelala na 35 miaka nenda miaka rudi, na mwingine akifika 70 ndiyo kwanza anaumwa. Kinacholinganishwa ni wewe wa leo na wewe wa siku zako za kawaida, na Garmin huhitaji kama wiki tatu za kuvaliwa usiku kabla haijadai kujua kawaida yako. Aliyenunua saa Ijumaa na Jumatatu tayari anagombana na mwalimu wake wa mazoezi kwa sababu ya namba, anagombana bure.

Je, wajua kwamba kinachovunja miguu ni kushuka, si kupanda?

Hapa ndipo Newala inakuwa darasa zuri kuliko uwanja wowote wa tambarare. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ardhi inaporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Anayetaka mazoezi ya mlima hulazimika kuanza na mteremko.

Ukipanda, msuli wa mbele wa paja hujikunja huku ukisukuma. Ukishuka, msuli huohuo hufanya kazi ya breki: unavutwa urefuke huku ukijitahidi kujikaza, hatua baada ya hatua. Nyuzi zake ndogo huchanika. Wakati huo moyo hauna kazi kubwa, pumzi haipandi, na mtu hujiona anapumzika. Maumivu huanza kesho yake, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki. Mmarekani Theodore Hough aliyaeleza mwaka 1902 na akashuku kwamba yanatokana na kuchanika. Hata hivyo hadi leo mitaani tunaambiwa ni "asidi" imebaki miguuni. Asidi ya laktiki huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mbio. Ya Jumamosi haiwezi kukuuma Jumatatu.

Sasa rudi kwenye saa. Mchaniko wa paja hauisumbui sana ile hatamu ya moyo. Usiku ule mkimbiaji analala vizuri, moyo unatulia, na asubuhi alama ni ya kijani. Saa haijadanganya, imeulizwa habari za moyo ikazitoa. Kosa ni la anayesoma 81 na kwenda kukimbia mita 400 mara nane kwa miguu ambayo haina breki. Msuli ulioumia hupoteza nguvu, hatua hufupika, mzigo huhamia kwenye goti na nyonga, na jeraha dogo la siku nne huwa la miezi miwili.

Kuna jambo jingine la ajabu kuhusu mteremko. Ukiushuka leo ukaumia, ukarudia baada ya wiki moja au mbili, maumivu huwa madogo zaidi, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Mjerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906 na akaandika jinsi watu wa uwanda huu usio na mito walivyoteremka mbali kufuata maji na kupanda nayo. Waliozoea njia hiyo kila siku walikuwa na mapaja yenye kinga ambayo mgeni wa Dar es Salaam, hata awe na saa ya milioni moja, haji nayo.

Je, wajua kwamba joto la Masasi linaweza kukupunguzia alama bila wewe kuchoka?

Masasi iko chini ya uwanda, katikati ya vilima vyake vya mawe, na usiku wa Oktoba na Novemba chumba chenye bati na chandarua hakipoi upesi. Mwili unaotafuta kupoa hupeleka damu kwenye ngozi, na moyo huongeza mapigo kidogo usiku kucha. Mtu aliyetoka Newala, ambako usiku huwa na ubaridi, akilala Masasi siku mbili anaweza kuona alama ikishuka, na hakukimbia hata kilomita moja. Jambo la kufanya ni kuipa saa siku chache izoee chumba kipya, na katika siku hizo kuamini zaidi hisia.

Miezi hiyohiyo ndiyo ya korosho, na mabibo yakianguka, uraka hauko mbali. Mwaka 2018 watafiti wa Finland walichapisha rekodi za watu 4,098 waliokuwa wamevaa vipima moyo usiku wa kunywa na usiku wa kutokunywa. Pombe kidogo tu ilipunguza ahueni ya moyo katika saa za mwanzo za usingizi kwa pointi 9 hivi za asilimia, ya wastani kwa 24, na nyingi kwa 39. Vijana na wanamichezo hawakusamehewa. Saa haijui kama ni uraka, ni homa au ni mbio za jana. Yenyewe huona tu hatamu haichezi. Wewe ndiye unayejua ulikuwa wapi.

Je, wajua kwamba kuiangalia saa kwanza kunabadilisha jibu la mwili?

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo cha Colorado, Marekani, waliwaambia watu kwamba mashine imepima ubora wa usingizi wao wa jana. Haikuwa imepima chochote. Walioambiwa wamelala vizuri walifanya vizuri zaidi mtihani wa umakini, na walioambiwa wamelala vibaya wakafanya vibaya, bila kujali walivyojiona wenyewe. Kwa hiyo mtu anayesoma nyekundu kabla hajajiuliza hali, ameshapandikizwa uchovu.

Dawa yake ni mpangilio tu. Kabla ya kugusa saa, jiulize mambo manne, na kila moja ulipe alama kuanzia 1 (safi) hadi 7 (mbaya kabisa): usingizi ulikuwaje, uchovu ukoje, misuli inauma kiasi gani, na mawazo yamekulemea kiasi gani. Maswali haya yametumika kwa wanamichezo tangu miaka ya 1990, na jina lake ni la Hooper, mmoja wa watafiti wa Australia walioyapendekeza mwaka 1995. Andika kwenye daftari. Ndipo ufunue saa.

Je, maswali ya kalamu yanaweza kushindana na taa za kijani? Mwaka 2016 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha mapitio ya tafiti 56 zilizolinganisha majibu ya wanamichezo na vipimo kama mapigo na damu. Majibu ya mdomo yalionyesha mzigo wa mazoezi kwa wepesi na uthabiti zaidi kuliko vipimo vile.

Kwetu kuna mtego, nao umo ndani ya salamu. "Umeamkaje?" "Salama." Tunajibu salama hata jino likiuma, kwa sababu ni adabu. Mchezaji akiulizwa hivyohivyo na kocha mbele ya wenzake, naye anataka kupangwa Jumapili, atasema salama. Daftari la siri lina faida zaidi kuliko swali la mdomo. Na kocha anayemwadhibu aliyeandika 6 atapata mbili-mbili mwaka mzima.

Tumtungie mwalimu mmoja

Huyu mwalimu ni wa kubuni, ila namba zake ni za aina inayotokea. Anafundisha hisabati Newala, ana miaka 34, anajiandaa kwa kilomita 21. Kawaida yake baada ya mwezi wa kuvaa saa: mapigo ya usingizini 52, HRV kati ya 50 na 66, pumzi 14 kwa dakika. Akipasha misuli kwa dakika kumi katika mwendo wake wa kawaida, mapigo hufika 130.

Jumamosi anateremka bondeni na kurudi, kilomita 14. Jumapili anaandika usingizi 2, uchovu 3, misuli 5, mawazo 1. Saa: HRV 60, mapigo 52, alama 81. Daftari na saa vimetofautiana, na kilichotofautiana ni mstari mmoja tu, ule wa misuli. Hapo miguu ndiyo hakimu. Anatembea nusu saa barabara ya tambarare. Jumatatu saa imepanda hadi 84, na misuli imepanda pia, ni 6. Angeifuata saa, Jumatatu ingekuwa siku yake mbaya kuliko zote. Jumanne 4, Jumatano 2. Jioni anapasha misuli dakika kumi, mapigo 131, anajaribu kushuka ngazi za shule na haziumi. Anarudi kwenye mazoezi magumu.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, mambo yanageuka. Daftari lina 3, 2, 1, 1. Saa: HRV 34, mapigo 59, alama 28, nyekundu. Anajiuliza jana ilikuwaje. Kulikuwa na arusi ya jirani. Alikula pilau saa nne usiku, akalala saa saba. Sababu ipo na inatosha. Hafuti mazoezi, anayalegeza tu: badala ya mbio kali anakwenda mwendo wa kuongea, na baada ya dakika kumi anatazama mapigo. Ni 132, jirani kabisa na kawaida yake. Anaendelea. Ijumaa HRV ni 55.

Siku ya tatu ndiyo ya kukumbuka. Novemba, Jumanne, daftari lina 2, 2, 1, 2, yaani mtu mzima. Saa: HRV 31, mapigo 60, pumzi 16. Hapakuwa na arusi, wala safari ya Masasi, wala uraka, na Jumatatu ilikuwa ya kupumzika. Anakimbia polepole na dakika ya kumi mapigo ni 144 kwa mwendo uleule. Anarudi nyumbani. Jumatano mapigo ya usingizini ni 65, na sasa uchovu ni 4. Joto la mwili likipanda nyuzi moja, moyo huongeza mapigo yapatayo manane hadi kumi kwa dakika; huyu ameongeza 13. Mtwara ni mkoa wenye malaria nyingi. Anakwenda kituo cha afya asubuhi hiyohiyo, anatobolewa kidole, na kipimo cha haraka kinaonyesha mistari miwili.

Saa haikugundua malaria, na siku yoyote ikidai hivyo iogopwe. Ingeonyesha namba zilezile kwa mafua au kwa kuhara. Ilichokiona ni moyo unaofanya kazi ya ziada bila sababu iliyoandikwa daftarini, usiku mbili mfululizo. Usiku mmoja mbaya hupita. Wa pili ukija bila maelezo, kimbilio ni kipimo, na viatu vya mbio hubaki mlangoni.

Mawili ya haraka

Je, wajua kwamba kijani kinaweza kuwa cha uchovu? Watafiti wa Ufaransa waliwazidishia wanamichezo wa kuogelea, baiskeli na mbio mzigo wa mazoezi kwa wiki tatu, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba waliochoka kupindukia walikuwa na HRV iliyopanda, haikushuka. Mwenye alama nzuri kuliko kawaida, ambaye mbio zake zinazidi kuwa nzito na mapigo hayapandi hata akikaza, aonyeshe daftari kwa kocha.

Je, wajua kwamba weusi wa ngozi si adui mkubwa wa taa za saa kama inavyosemwa? Kundi la Chuo Kikuu cha Duke lilijaribu saa kadhaa kwa watu 53 wa rangi zote za ngozi na mwaka 2020 likaripoti kwamba halikuona tofauti ya maana ya usahihi baina ya ngozi na ngozi. Mwendo ndio uliovuruga: makosa yaliongezeka kwa kama asilimia 30 mtu alipokuwa anashughulika kuliko alipotulia. Ndiyo sababu namba ya usiku inaaminika kuliko ya mbioni, mradi mkanda usilegee na saa ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo. Mwalimu wetu, katika ile dakika ya kumi, husimama na kuhesabu kwa vidole mshipani sekunde 15 mara nne, kuhakikisha.

Je, wajua kwamba Kiswahili kinaijua tarehe ya saa kuliko lugha nyingi?

Saa huuandika usingizi kwenye siku unayoamkia. Usingizi ulioanza Jumamosi saa nne utausoma chini ya Jumapili, na wengi hukosea hapo: wanalaumu mbio za Jumapili kwa alama iliyotokana na mambo ya Jumamosi. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kukosea, maana sisi husema "usiku wa kuamkia Jumapili". Mwalimu wetu amechora daftari lake hivyo: mstari wa juu mazoezi ya jana, chini yake usiku wa kuamkia leo, chini zaidi namba zake nne, na mwisho kabisa, kwa kalamu nyekundu, namba ya saa.